Siku ya mapumziko darasani: anza na nani anapumzika, si siku gani

Swali: Ninafundisha kidato cha kwanza na cha pili. Nina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, vya kulinganisha mafundisho ya Uyahudi, Ukristo na Uislamu kuhusu siku ya mapumziko, halafu tujadili kazi, mapumziko na jamii. Darasani nina Wakristo wa Jumapili, Wasabato na Waislamu. Kila nikijaribu, dakika ya kumi tu wameshaanza kubishana siku ya kweli ni ipi, na mjadala wenyewe haufiki. Nilipangeje?

Jibu: Mwalimu, ugomvi huo unaanzia ubaoni. Ukichora jedwali ambalo safu yake ya kwanza inasema "siku", na chini yake Jumamosi, Jumapili, Ijumaa, umeshawapanga wanafunzi katika timu tatu kabla hawajasoma chochote. Futa safu hiyo. Weka tatu nyingine: nini kinasimama, nani anahusika, na sababu inayotolewa ni ipi. Siku itajitaja yenyewe ndani ya majibu, lakini haitakuwa tena ndilo swali.

Anza na Torati, na usiwape amri ya Sabato mara moja tu. Wape mara mbili: Kutoka 20:8–11 na Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Waambie wasome zote mbili kwa kalamu mkononi na wapigie mstari mahali zinapotofautiana. Wengi hudhani ni maandishi yaleyale. Hawatachelewa kuona kwamba Kutoka inatoa sababu ya uumbaji, yaani Mungu alifanya kazi siku sita akastarehe siku ya saba, wakati Kumbukumbu haitaji uumbaji hata kidogo. Inasema mlikuwa watumwa Misri. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa aya ya 14, kuna maneno ambayo Kutoka haina: ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vilevile kama wewe. Hapo simama. Andika ubaoni "vilevile kama wewe" na uliache neno hilo mpaka mwisho wa kipindi, kwa sababu mjadala wote wa kipindi cha pili utalirudia.

Kisha waorodheshe wanaotajwa: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa, mjakazi, wanyama, mgeni aliye ndani ya malango yako. Kutakuwa na mwanafunzi, mara nyingi msichana, atakayeuliza mbona mke hatajwi. Usilikimbie swali hilo. Wafasiri wengi husema "wewe" inawajumlisha mume na mke, na hilo ni jibu la haki, lakini lina swali jingine ndani yake: kama hakuna kazi siku hiyo, nani anapika? Jibu liko Kutoka 16:23, kwenye habari za mana: siku ya sita okeni mtakachooka, na kinachobaki kiwekeni hadi asubuhi. Katika desturi ya Kiyahudi hadi leo chakula cha Sabato huandaliwa kabla jua halijatua Ijumaa. Maana yake kazi haikufutwa, imefanywa mapema. Darasa likiliona hilo, tayari limeanza kufikiri kuhusu kazi kuliko kuhusu kalenda.

Kwenye safu ya "nini kinasimama" ndipo walimu wengi wanapoteleza, kwa kuandika tu "Wayahudi hawafanyi kazi". Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mnamo mwaka 200, inahesabu aina 39 za kazi zilizokatazwa: kulima, kupanda, kuvuna, kuoka, kufuma, kushona, kuandika herufi mbili, kuwasha moto, kuzima moto, kubeba kitu kutoka eneo la mtu binafsi kwenda eneo la umma, na nyinginezo. Orodha hiyo marabi waliihusisha na kazi za kutengeneza hema la kukutania, kwa sababu katika Kutoka amri ya Sabato imewekwa bega kwa bega na maagizo ya ujenzi wa hema. Kwa hiyo kipimo si jasho. Mtu akihamisha kiti kizito kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya nyumba yake hajavunja aina yoyote kati ya hizo 39, lakini akiandika herufi mbili kwenye karatasi amevunja. Wape wanafunzi mifano hiyo miwili na waulize kinachokatazwa ni nini hasa. Watafika wenyewe kwenye jibu: ni kutengeneza na kubadilisha vitu, si kuchoka.

Hapo hapo weka ukuta dhidi ya kosa moja kubwa. Usitumie mabishano ya Injili kama picha kamili ya Uyahudi. Wanafunzi wakisoma Luka 13:10–17, habari ya mwanamke aliyepindika mgongo miaka 18, huondoka wakiamini kwamba Uyahudi unamwacha mgonjwa afe kwa ajili ya Sabato. Mishna hiyohiyo, katika Yoma 8:6, inasema kinyume: shaka yoyote ya hatari ya maisha inaiondoa Sabato. Hata kabla ya hapo, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kitabu cha Wamakabayo wa Kwanza kinasimulia watu wapatao elfu moja waliouawa kwa sababu walikataa kupigana siku ya Sabato, na jinsi kuhani Matathia na wenzake walivyoamua baada ya hapo kwamba watajilinda hata siku hiyo. Ubishi wa Luka ulihusu mtu ambaye angeweza kuponywa kesho yake. Huo ni ubishi wa ndani ya mila, na ni mzuri zaidi ukifundishwa hivyo, kwani Yesu anajibu kwa hoja ya kisheria: mnamfungua ng'ombe wenu Sabato mkamnyweshe, je, huyu binti wa Ibrahimu asifunguliwe?

Kwa Ukristo, jambo la kuwapa ni mfuatano wa muda, maana bila huo Msabato na mwenzake wa Jumapili watagombana mbele yako. Wakristo wa kwanza walikutana siku ya kwanza ya juma kwa sababu ya ufufuko. Dalili ziko Matendo 20:7 na 1 Wakorintho 16:2. Mnamo mwaka 155 Yustino, mwandishi Mkristo aliyekuwa Roma, anaeleza mkutano wa siku ya jua: maandiko yanasomwa, kunahubiriwa, mkate na divai vinatolewa, na michango inakusanywa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Hasemi kwamba siku hiyo watu wameacha kazi. Katika Dola ya Kirumi Jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Wakristo wengi, hasa watumwa, walikuwa na kazi zao kama kawaida. Sheria ya mapumziko ilikuja mwaka 321 kutoka kwa Kaizari Konstantino, ikiwataka mahakimu, wakazi wa miji na mafundi wapumzike siku ya jua, lakini ikawaruhusu wakulima kuendelea na mashamba ili msimu usiwapite.

Mruhusu kila mwanafunzi avute pumzi hapo, kisha uwaulize: sheria ya 321 inamhusu nani, na inamwacha nani? Mkulima ameachwa. Linganisha na Kutoka 34:21, inayosema hata wakati wa kulima na wa kuvuna utapumzika. Hilo ni ulinganisho wa kweli, wa maandishi kwa maandishi, na halimlazimu mtu yeyote aseme dini yake ndiyo sahihi. Baada ya hapo unaweza kutaja kwa sentensi mbili kwamba Waadventista Wasabato, walioundwa rasmi kama kanisa mwaka 1863, hushika tangu Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua, na kwamba Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limeziheshimu Jumamosi na Jumapili zote mbili kwa karne nyingi. Mfano wa Ethiopia una faida ya kipekee darasani kwako: unavunja dhana kwamba Mkristo lazima achague moja.

Sasa Uislamu, na hapa ndipo jedwali la kawaida linadanganya kabisa. Ijumaa si Sabato ya Waislamu. Soma Sura ya 62, Al-Jumua, aya ya 9 hadi 11. Aya ya 9: inapoadhiniwa sala siku ya Ijumaa, fanyeni haraka kwenda kumkumbuka Mwenyezi Mungu na muache biashara. Aya ya 10: sala ikimalizika, tawanyikeni katika nchi mtafute fadhila zake. Kinachosimama ni biashara, na kinasimama kwa muda wa hotuba mbili na rakaa mbili, kisha kazi inaendelea kwa idhini ya aya yenyewe. Wajibu wa kuhudhuria uko juu ya wanaume waliobaleghe. Mgonjwa na msafiri wana udhuru, na mwanamke si wajibu kwake, ingawa akihudhuria sala yake inasihi. Sababu ya uumbaji nayo haitumiki kwa namna ileile: Sura ya 50, aya ya 38, inasema mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na uchovu haukumgusa Mwenyezi Mungu. Nchi nyingi zenye Waislamu wengi zimefanya Ijumaa kuwa mapumziko, lakini huo ni uamuzi wa serikali, na ndiyo maana unaweza kubadilishwa. Saudi Arabia ilihamisha mapumziko ya mwisho wa juma kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, Ijumaa ikabaki nusu siku kwa watumishi wa serikali.

Usiwaachie Waislamu wa darasa lako kisanduku kitupu, kana kwamba dini yao haina la kusema kuhusu mapumziko. Inalo, ila limewekwa mahali pengine. Sura ya 78, aya ya 9 hadi 11, inautaja usingizi kuwa mapumziko, usiku kuwa vazi na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha; mapumziko ni ya kila siku, si ya kila juma. Katika Sahihi Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, sahaba Salman anamwambia mwenzake Abu Dardai, aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha, kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako na ahali zako wana haki juu yako, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Na ulinzi wa anayefanya kazi uko kwenye hadithi ya Abu Dharr, pia katika Bukhari: waliomo mikononi mwenu ni ndugu zenu, msiwatwike wasiyoyaweza, na mkiwatwika wasaidieni. Ukiisoma hiyo kando ya "vilevile kama wewe" ya Kumbukumbu la Torati, wanafunzi wataona maandiko mawili yanayomtazama mtu yuleyule, moja kwa njia ya siku na lingine kwa njia ya kipimo cha mzigo.

Aya ya 11 ya Al-Jumua nayo isikupite. Inawalaumu walioona biashara au pumbao wakaikimbilia, wakamwacha Mtume amesimama. Hadithi ya Jabir inaeleza kilichotokea: msafara wa chakula uliingia, na waliobaki msikitini walikuwa watu kumi na wawili tu. Ni tukio fupi, linaeleweka na mtoto wa miaka 13, na linaibua swali ambalo dini zote tatu zinalijua: njaa na soko vikigongana na mkusanyiko, kipi kinangoja?

Kwa muda, usomaji huu wote utakula dakika 40 za kwanza ukigawa darasa katika makundi matatu, kila kundi likipewa dini ambayo wengi wao si yao. Msabato asome Al-Jumua, Mwislamu asome Kumbukumbu la Torati. Dakika 15 za kusoma na kujaza safu tatu, dakika 5 kwa kila kundi kueleza, dakika 10 za kusahihisha ubaoni. Sheria moja tu itangazwe mwanzoni: hakuna anayeulizwa kuisemea dini yake. Ukimwambia mtoto "wewe ni Mwislamu, hebu tueleze", umemfanya mufti kwa nguvu, na akikosea ataaibika mbele ya wenzake. Kwenye kusahihisha, likizuka lile la "siku ya kweli", jibu lako liwe fupi: hilo ni swali la imani, kila mmoja ana mwalimu wake wa dini, hapa tunauliza maandiko yanasema nini na yanamgusa nani. Kisha endelea. Ukilijadili hata kwa dakika mbili, limekushika.

Dakika 30 zinazofuata ni za mjadala, na mjadala bila hesabu huishia kwenye "mapumziko ni muhimu". Wape mkasa. Kiwanda kidogo cha mikate kina wafanyakazi sita: wawili wanasali Jumapili, wawili ni Wasabato, wawili ni Waislamu. Tanuri haliwezi kwenda na watu chini ya wanne. Zamu inaisha saa 1 usiku, baada ya jua kutua. Wanalipwa kwa siku waliyofanya kazi. Mwenye kiwanda anauliza apange vipi mapumziko ya siku moja kwa kila mtu.

Makundi mengi yatapendekeza kwanza kufunga kiwanda Jumapili. Waambie wahesabu. Wasabato wawili watapumzika siku isiyo yao, na Jumamosi ama watavunja imani yao ama watakosa ujira wa siku ya pili. Tanuri nalo Jumamosi lina watu wanne, kwa hiyo wakikosekana halikwami. Anayeumia ni wao, si kiwanda. Halafu litakuja pendekezo la pili, kila mtu na siku yake. Hili likihesabiwa linakubali: Jumamosi wapo wanne, Jumapili wapo wanne, Waislamu wachukue tuseme Jumatano, na siku hiyo wapo wanne. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, waliobaki ni wanne. Ijumaa jioni Wasabato wanaondoka kabla ya jua kutua, na Waislamu wamesharudi, bado wanne. Darasa litashangilia. Ndipo uulize maswali mawili. Mmoja akiugua Jumamosi, nani anaitwa? Na ni siku gani watu wote sita wana nafasi ya kwenda kwenye harusi moja?

Jibu la swali la pili ni kwamba siku hiyo haipo, na jambo hili liliwahi kujaribiwa kwa nchi nzima. Mwaka 1929 Umoja wa Kisovyeti ulianza juma la siku tano ili mashine zisisimame: wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, yaliyotambulishwa kwa rangi, kila kundi likipumzika siku yake. Kila mtu alipumzika mara nyingi kuliko zamani, siku moja katika tano badala ya moja katika saba. Lakini mume na mke wangeweza kuwa na rangi tofauti, na marafiki vivyo hivyo, na mashine zilizokosa mtu maalumu wa kuziangalia ziliharibika zaidi. Mwaka 1931 mpango ukabadilishwa kuwa juma la siku sita lenye siku moja ya pamoja, na 1940 juma la siku saba na Jumapili likarudi. Serikali iliyopinga dini ilirudi kwenye siku ya pamoja, na si kwa sababu ya dini. Hapo neno "jamii" katika mada yako linapata uzito: mapumziko ya mmojammoja na mapumziko ya pamoja ni vitu viwili.

Mkataba Na. 14 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 unataka angalau saa 24 mfululizo katika kila siku saba, watumishi wote wapumzike kwa pamoja inapowezekana, na siku iwe ile iliyokwisha kuzoeleka kwa mila za mahali. Waulize makundi: katika kiwanda chetu, masharti hayo yanapatana? La kwanza linatimia. La pili na la tatu yanagongana, kwa kuwa mila ni zaidi ya moja. Usiwatatulie, waache waandike wanamwelemea nani na kwa nini.

Kama muda utabaki, turufu yako iwe ujira. Mtu anayelipwa kwa siku akiambiwa apumzike, amepewa siku au amekatwa mkate? Warudishe kwenye mana: siku ya sita walipata sehemu maradufu. Aliyeandika simulizi hilo alijua kwamba amri ya kupumzika bila chakula cha siku hiyo inamwangukia maskini. Ukitaka mila ya nne, chukua ya Waakani wa Ghana, ambako Waasante kwa desturi hawalimi Alhamisi kwa heshima ya Asase Yaa, ardhi. Iweke kando ya Walawi 25, ambako shamba linaachwa mwaka wa saba, na safu ya "nani anahusika" itapata mgeni mpya: udongo. Mila ya tano usiongeze. Watakumbuka majina na kusahau hoja.

Dakika 10 za mwisho ni za kuandika. Swali: "Chagua mpango mmoja wa kiwanda. Eleza ni andiko gani kati ya tuliyosoma linauunga mkono, na ni lipi linaupinga." Jibu dhaifu litasema "nachagua kila mtu na siku yake kwa sababu dini zote zinafundisha mapumziko". Hilo lipe alama 2 kati ya 10, kwani halijatofautisha chochote, na kuhusu Ijumaa limekosea. Jibu zuri litasema, kwa mfano, kwamba kila mtu na siku yake kunatimiza "vilevile kama wewe" kwa mfanyakazi, lakini kunavunja ule mkusanyiko anaoueleza Yustino na unaoamriwa katika Al-Jumua iwapo waumini wa dini moja watapangiwa siku tofauti. Toa alama 4 kwa kunukuu andiko sawasawa, 4 kwa kuonyesha linalopinga, 2 kwa kumtaja mtu anayeumia na mpango aliouchagua. Usitoe alama yoyote kwa siku aliyoipenda.